Mkufu wa shangazi na safu ya sifuri

Shangazi yangu wa South B ana mkufu wa dhahabu aliojinunulia Pasaka ya 2013, wikendi ileile Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa kesi ya urais. Sisi wengine tulikuwa tumeganda mbele ya runinga, yeye yuko kwa sonara. Tangu siku hiyo, kila chama chetu cha familia kinapokaa kuzungumzia pesa ziwekwe wapi, mkufu ule huletwa kama shahidi. Anaushika shingoni kwa vidole viwili na kusema, "Dhahabu haitikisiki."

Upande wa pili yuko shemeji. Yeye alinunua hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma 2008, kwa shilingi tano kila moja, na mpaka leo hajauza hata moja. Kwake dhahabu ni bahati nasibu iliyopakwa rangi. "Haitoi gawio, haizai, inangoja tu vita vianze mahali," ndiyo hoja yake, na hurudiwa kila kikao baada ya chai.

Machi 2024 waligeuka wote wawili wakanitazama mimi, kwa sababu nafanya kazi ya uhasibu na wanaamini mtu wa hesabu ana jibu la kila kitu. "Wewe si unakaa na kompyuta mchana kutwa?" akasema shangazi. "Tuletee mwezi ujao. Kati ya dhahabu na hisa, ni ipi inayoyumba zaidi?"

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Fomula zenyewe ni tatu, na kweli zilinichukua nusu saa. Kilichonila wikendi mbili ni safu ya bei.

Nianze na fomula, kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya hesabu hii. Kosa la kwanza watu hufanya ni kuchukua bei zenyewe na kuzitafutia mkengeuko sanifu, yaani jinsi zinavyotawanyika kutoka kwa wastani wake. Kitu cha dola 2,000 kitaonekana kuyumba kuliko kitu cha shilingi 15, kwa sababu tu namba zake ni kubwa. Tena bei iliyopanda taratibu mwaka mzima bila wasiwasi wowote itaonekana imechafuka, kwa kuwa mwanzo wake na mwisho wake viko mbali. Tunachopima ni badiliko la siku: bei ya leo ikilinganishwa na ya jana. Na badiliko hilo tunalichukua kwa logi asilia badala ya asilimia ya kawaida.

Kwa nini logi? Shilingi 100 ikipanda asilimia 10 inakuwa 110. Ikishuka asilimia 10 inakuwa 99. Ukijumlisha asilimia za kawaida unapata sifuri, na ilhali mfukoni umepoteza shilingi moja. Kwa logi ni 0.0953 ukitoa 0.1054, jumla ni hasi 0.0101, na hiyo ndiyo hasara yako halisi. Mabadiliko ya logi hujumlishika siku hadi siku bila kudanganya. Sifa hiyo itanisaidia tena nitakapofika kwenye shilingi.

Hebu tuchukue wiki moja ya mfano, bei nilizotunga mwenyewe kwa dola kwa wakia: 2650, 2671, 2643, 2656, 2690, 2668. Bei sita zinatoa mabadiliko matano. Kwa asilimia ni 0.79, hasi 1.05, 0.49, 1.27 na hasi 0.82. Wastani wake ni asilimia 0.14, mdogo sana. Mkengeuko sanifu, yaani umbali wa kawaida kati ya siku moja na ule wastani, ni asilimia 1.02. Hiyo ndiyo kuyumba kwa siku.

Ili iwe ya mwaka, unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, ambazo ndizo siku za soko kwa mwaka, takriban. Hapa ndipo shemeji alinikatiza baadaye: kwa nini usizidishe kwa 252 yenyewe? Kwa sababu siku hazivuti upande mmoja. Leo inapanda, kesho inashuka, zinafutana. Baada ya siku nne bei haiko mbali mara nne ya siku moja, iko mbali mara mbili hivi. Umbali unakua kwa kipeuo cha siku. Kipeuo cha 252 ni 15.87, kwa hiyo asilimia 1.02 inakuwa asilimia 16.2 kwa mwaka. Wiki moja ni kidogo mno kumhukumu mtu, lakini njia ni hiyohiyo kwa mwaka mzima.

Kwenye lahajedwali la Google, bei ikiwa safu B kuanzia mstari wa 2, unaandika hivi:

```
C3:  =LN(B3/B2)
E1:  =STDEV.S(C3:C251)*SQRT(252)
```

Ya kwanza unaivuta hadi chini. Nimeishia mstari wa 251 kwa sababu soko la New York lilifunguliwa siku 250 mwaka 2023, na mstari wa 1 ni wa vichwa vya safu.

Sasa zile bei. Usiku wa kwanza, watoto wamelala, niliandika kile ambacho mtu yeyote angeandika:

```
=GOOGLEFINANCE("GOLD","close",DATE(2023,1,1),DATE(2023,12,31),"DAILY")
```

Safu ikajaa yenyewe. Nikavuta fomula, nikapata asilimia 30 na ushee. Nikafurahi kama mtu aliyefukua kitu. Dhahabu inayumba namna hii na shangazi anasema haitikisiki! Nilishaanza hata kumwandikia shemeji kwenye WhatsApp. Kilichoniokoa ni kiu. Nilikwenda kuchukua maji, niliporudi macho yakatua kwenye safu B badala ya E1, nikaona bei ni kumi na sita, kumi na saba, kumi na tano. Wakia ya dhahabu 2023 ilikuwa ikizunguka dola 1,900. Kumi na sita ya nini?

Wakati huo herufi GOLD kwenye soko la New York zilikuwa alama ya hisa za Barrick, kampuni ya uchimbaji, ndiyo hiyohiyo yenye migodi ya North Mara na Bulyanhulu kwa majirani zetu Tanzania. Mei 2025 waliibadilisha alama yao ikawa herufi B peke yake, lakini mimi niliingia mtegoni kabla ya hapo. Nilikuwa nimepima mchimbaji nikadhani nimepima dhahabu.

Tofauti ya hivi viwili inafaa kukaa nayo kidogo, maana watu wengi hununua hisa za mgodi wakidhani wamenunua dhahabu. Chukulia mgodi unaotumia dola 1,400 kutoa wakia moja na kuiuza dola 2,000. Faida ni 600. Dhahabu ikipanda asilimia 5 inafika 2,100. Gharama ya kuchimba haijabadilika, dizeli ni ileile na mishahara ni ileile, kwa hiyo faida inakuwa 700. Dhahabu imepanda asilimia 5, faida imepanda karibu asilimia 17. Ikishuka, inashuka kwa kishindo kilekile. Ongeza migomo, kodi na ugomvi na serikali, mambo ambayo kipande cha dhahabu hakina, na utaelewa kwa nini mchimbaji alionyesha zaidi ya mara mbili ya alichochimba.

Nikafuta, nikaanza upya. Niliyochagua mwishowe ni mifuko miwili inayouzwa New York kama hisa. Mmoja ni GLD, ulioanza Novemba 2004, ambao umeweka dhahabu halisi stooni na bei yake hufuata dhahabu hatua kwa hatua. Wa pili ni SPY, unaofuata fahirisi ya S&P 500, yaani kampuni kubwa kama mia tano za Marekani kwa pamoja. Niliipenda jozi hii kwa sababu moja tu: zote mbili hufungwa wakati uleule, saa kumi jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa tano au saa sita usiku kulingana na majira yao. Sikukuu zao ni zilezile, sarafu yao ni ileile. GLD hukata ada ya asilimia 0.40 kwa mwaka, lakini ukiigawa kwa siku 252 haionekani, na kwa kuwa ni ileile kila siku haiyumbishi chochote.

```
=GOOGLEFINANCE("NYSEARCA:GLD","close",DATE(2023,1,1),DATE(2023,12,31),"DAILY")
```

Safari hii nilitazama bei kwanza. Kisha E1. Dhahabu kwa mwaka 2023 ilitoka asilimia 13 hivi. Nikaweka SPY pembeni yake: asilimia 13 hivi. Sare.

Sikupenda. Hakuna anayekwenda kwenye chama na sare. Nikabadilisha mwaka ndani ya fomula. Kwa 2017 hisa za Marekani zililala usingizi mzito, karibu asilimia 7, na dhahabu ilikuwa juu yake, kumi na kitu. Shemeji angeshangilia. Nikaweka 2020, mwaka wa korona, mwaka ambao fahirisi ya S&P 500 ilianguka karibu asilimia 12 kwa siku moja tu, tarehe 16 Machi. Hisa zikaruka hadi asilimia 34 hivi, dhahabu ikabaki kwenye ishirini. Sasa shangazi ndiye angeshangilia. Swali lao la "ipi inayoyumba zaidi" lilikuwa na majibu matatu kwenye faili moja, na yote matatu yalikuwa sahihi. Dhahabu huzunguka kati ya kumi na ishirini miaka mingi. Hisa kwa ujumla wake hutulia chini yake miaka ya raha, halafu hofu ikiingia huipita kwa mbali. Ukichagua mwaka umeshachagua mshindi.

Lakini shemeji hana mia tano. Ana moja. Hapo ndipo ulinganisho wetu wa kifamilia ulipokuwa umeharibika tangu zamani bila mtu kugundua. Fahirisi hutulia kwa sababu kampuni moja ikianguka nyingine inapanda, zinabebana. Hisa moja haina wa kuibeba. Nilichukua bei za Safaricom za mwaka huohuo 2023 kutoka orodha za kila siku ambazo wakala wangu wa hisa hunitumia kwa barua pepe, nikazipiga kwa mkono jioni tatu mfululizo, na ikazidi mara mbili ya dhahabu. Hilo halikunishtua, ni jambo la kawaida kwa hisa moja ya mahali popote. Kilichonivutia ni sura ya safu yenyewe. Ilikuwa imejaa sifuri. Safaricom husogea kwa senti tano tano, na bei ikiwa shilingi 15, hatua ndogo kabisa ya senti tano ni theluthi moja ya asilimia. Hakuna cha katikati. Kwa hiyo siku tulivu husomeka sifuri kamili, na siku iliyochangamka kidogo huruka hatua nzima.

Zile sifuri zilinikumbusha wazo ambalo mjomba alikuwa amelitupa kikaoni: si tununue dhahabu hapahapa Nairobi? Inawezekana. Upo mfuko wa NewGold, ulioandikishwa Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017 baada ya miaka mingi Johannesburg, na bei yake hapa ni ya shilingi. Nikasema basi, dhahabu kwa shilingi, soko letu, saa zetu. Ulinganisho gani mzuri kuliko huo?

Nikapiga bei zake za miezi kadhaa, nikavuta fomula, nikaweka dirisha la siku 30 linalotembea, yaani kila mstari unapima siku 30 zinazoishia hapo:

```
D32:  =STDEV.S(C3:C32)*SQRT(252)
```

Grafu iliyotoka ilikuwa ya kuchekesha. Mstari ulilala kwenye sifuri kama mtu aliyezimia, ukaruka juu ghafla, ukakaa huko kama meza, ukaanguka tena hadi sifuri. Dhahabu gani hii? Nikahesabu sifuri:

```
=COUNTIF(C3:C120,0)
```

Karibu safu nzima. Mfuko huu hapa Nairobi siku nyingi hauuzwi kabisa. Siku ambayo hakuna aliyenunua wala kuuza, orodha hurudia bei ya mwisho iliyofanyika, hata kama ni ya wiki tatu zilizopita. Dhahabu huko London imepanda, imeshuka, imepanda tena, lakini kwenye karatasi yetu imesimama. Kisha siku moja mtu mmoja ananunua hata kama ni vipande vichache, na mabadiliko ya wiki tatu yote yanaingia kwenye seli moja.

Watu husema bei iliyolala hupunguza kuyumba. Si hivyo hasa, na mimi mwenyewe ilibidi nikae na kalamu kabla ya kulielewa. Siku nne za sifuri na ya tano ikibeba badiliko la siku tano, ukichukua muda mrefu wa kutosha, hufikia karibu jumla ileile. Kuyumba hakukupotea, kumerundikwa. Tatizo ni dirisha. Ukitazama siku 30 na rundo halimo, utaapa kwamba kitu hiki ni tulivu kuliko hazina ya serikali. Ukitazama siku 30 na rundo limo, utakimbia. Picha zote mbili hazisemi lolote kuhusu dhahabu. Zinasema ni lini mtu alinunua.

Tangu hapo, kabla sijaangalia namba yoyote ya kuyumba, nahesabu sifuri kwanza. GLD kwa mwaka mzima ina moja, mbili, pengine hakuna. Safu yenye sifuri kila siku ya tatu bado naweza kuisoma kwa mwaka, ila siiamini kwa mwezi. Safu ambayo sifuri ndizo nyingi naifunga.

Basi ikabaki njia moja ya kupata dhahabu kwa shilingi: nichukue GLD ya dola na kuizidisha kwa kiwango cha Benki Kuu cha kila siku. Nikaweka viwango kwenye ukurasa mwingine wa faili nikauita Kiwango, nikaandika VLOOKUP ya kutafuta kiwango cha kila tarehe, nikapata #N/A kuanzia juu hadi chini. Saa nzima imekwenda hapo. Tarehe zinafanana kwa macho, herufi kwa herufi. Kumbe tarehe za GOOGLEFINANCE hubeba saa ndani yake, 16:00:00, ile saa ya kufunga soko, na lahajedwali huificha ukichagua kuonyesha tarehe tu. Kwa kompyuta hiyo si tarehe ileile. Ukiizungushia INT, saa inakatika:

```
=B2*VLOOKUP(INT(A2),Kiwango!A:B,2,TRUE)
```

Ile TRUE mwishoni nimeiweka makusudi. Siku ambayo sisi tuna sikukuu na New York iko kazini, Benki Kuu haina kiwango, na TRUE huchukua cha mwisho kilichotangulia, mradi tarehe zimepangwa kutoka ya zamani hadi mpya.

Na hapa ile sifa ya logi ikarudi kunisaidia: badiliko la dhahabu kwa shilingi ni badiliko la dhahabu kwa dola ukijumlisha badiliko la dola kwa shilingi. Kwa hiyo naweza kutenganisha nani kafanya nini. Kwa 2023 nilitarajia shilingi iongeze fujo nyingi, kwa sababu sote tunakumbuka mwaka ule. Dola ilianza kwenye shilingi 123 hivi ikaishia 156 hivi. Bei ya kila kitu ilipanda. Lakini nilipopima kuyumba kwa shilingi peke yake, karibu hakukuwapo. Dhahabu kwa shilingi na dhahabu kwa dola zilitoka karibu sawa.

Nilikagua mara tatu nikidhani nimekosea tena. Sikuwa nimekosea. Shilingi ile haikuyumba, iliteremka. Kila siku senti kumi, senti ishirini, upande mmoja, kama maji yanayovuja kwenye tangi. Mkengeuko sanifu hupima umbali kutoka kwa wastani, na kama kila siku unapoteza kiasi kilekile, wastani wako ndiyo ile hasara na umbali kutoka kwake ni karibu sifuri. Sarafu inaweza kupoteza sehemu moja kati ya tano ya thamani yake ndani ya mwaka na kwenye hesabu hii ikatoka imetulia kama mzee msikitini. Ndiyo sababu nilipoandika namba za chama niliongeza safu nyingine pembeni: ilianza wapi, imeishia wapi.

Februari 2024 ikawa kinyume chake. Serikali iliuza dhamana mpya ya dola bilioni 1.5 nje ili kuanza kulipa ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, hofu ikashuka, na shilingi iliyokuwa kwenye 160 mwishoni mwa Januari ikafika karibu 145 kabla mwezi wa pili haujaisha. Aliyekuwa na dhahabu Nairobi alipoteza takriban asilimia tisa kwa shilingi, na London hapakuwa na habari yoyote. Kwenye grafu yangu ya siku 30, dhahabu ya dola ilikuwa imelala na ya shilingi imesimama wima. Mjomba aliiangalia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hii si dhahabu," akasema. Nikamwambia si dhahabu, mjomba, ni sisi.

Kikao chenyewe kilikuwa Jumapili ya Aprili, mvua inanyesha South B, stima inapotea na kurudi. Niliwapa karatasi moja tu. Shemeji aliikubali hesabu ya Safaricom kwa uungwana kuliko nilivyotarajia, ingawa alitaka tuongeze magawio aliyopata tangu 2008, na kusema kweli ana haki, maana siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio bei hushuka na mimi nilikuwa nimehesabu mshuko huo kama tetemeko. Nikaahidi kurekebisha.

Shangazi hakusema kitu mpaka kwenye chai ya pili. "Yote hayo ni dhahabu ya kwenye kompyuta," akasema. "Mimi yangu ninaivaa. Miaka kumi na moja haijatikisika."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua ukurasa wa Aprili 2013. Ijumaa tarehe 12, mkataba wa dhahabu New York ulifungwa dola 1,501.40 kwa wakia. Jumatatu tarehe 15 ulifungwa 1,361.10. Ni hasi asilimia 9.8 kwa logi, moja ya siku mbaya kuliko zote kwa dhahabu kwa miaka mingi. Nilimwonyesha siku moja kama hiyo inafanya nini kwenye dirisha: siku 29 za kawaida zinazosogea asilimia moja moja zingetoa asilimia 16 kwa mwaka, ukiongeza ile Jumatatu peke yake inakuwa karibu 33. Na mwishoni mwa Mei, siku 30 za soko zilipopita na ile Jumatatu ikatoka dirishani, grafu inaanguka ghafla ingawa siku hiyo sokoni hapakutokea lolote.

"Hii ilikuwa lini?" akauliza.

"Wiki mbili baada ya Pasaka, shangazi. Wiki mbili baada ya kununua."

Akaushika mkufu. Sonara hakumpigia simu. Hakuna mtu aliyemletea bei ya mkufu ule Jumatatu ile, wala Jumanne, wala siku nyingine yoyote tangu hapo. Ameuliza bei yake mara moja tu, siku ya kuununua. Ningeuweka kwenye lahajedwali, ungekuwa na namba moja juu na safu nzima ya sifuri chini yake, na COUNTIF ingeniambia niufunge.

"Sasa una thamani gani?" akauliza.

Nikamwambia hilo ni la kwenda kwa sonara na mzani. Akamwagia shemeji chai, akaniambia niache kuharibu Jumapili za watu.